Kushoto kwake, kulia kwake: kwa mnaoanza kuhakiki majibu ya milinganyo ya drivativu

Jana usiku nimemaliza madaftari kumi na manne ya wadogo zangu wa mwaka wa kwanza. Maswali yote yalikuwa ya namna moja: mmepewa mlinganyo, mmepewa fanksheni, onyesheni kwamba fanksheni hiyo ni jibu la mlinganyo huo. Hamkuambiwa mtatue, kwa maana jibu mlikuwa nalo mkononi. Kazi ni kutafuta drivativu, kupachika, na kuangalia kama pande mbili zinakutana. Hata hivyo daftari baada ya daftari nimeona makosa ambayo nayajua kwa sura na kwa sauti, maana niliwahi kuishi nayo. Ndugu zangu, nawapenda, lakini hili la kuanza na mlinganyo wenyewe na kumaliza na `0 = 0` limenikosesha usingizi. Kaeni kitako.

1. Usianze na kile unachotakiwa kukionyesha.

Chukua mojawapo ya maswali yenu. Mlinganyo ni `y' - 2y = e^(2x)`, na fanksheni mliyopewa ni `y = x·e^(2x)`. Wengi mmeandika mlinganyo mzima juu kabisa, mkapachika, mkahamisha huku na kule, mkajumlisha pande zote, mkakata, hadi chini kukabaki `0 = 0` na alama ya vema pembeni. Mlipoandika ule mstari wa kwanza mlikuwa mmeshakubali kwamba pande mbili ni sawa. Sasa mnahakiki nini?

Fanya hivi. Tafuta drivativu peke yake kwanza, mbali na mlinganyo. Hapa `x` inazidishwa na `e^(2x)`, kwa hiyo ni kanuni ya zao:

```
y' = 1·e^(2x) + x·2e^(2x) = e^(2x) + 2x·e^(2x)
```

Kisha shika upande wa kushoto tu, upachike, uurahisishe mpaka usiweze kurahisika tena:

```
Kushoto = y' - 2y
        = e^(2x) + 2x·e^(2x) - 2(x·e^(2x))
        = e^(2x)
Kulia   = e^(2x)
```

Pande mbili zimefika mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna uliomburuta mwenzake. Alama ya sawa kati ya kushoto na kulia inaandikwa mwishoni, ikiwa imestahili. Mistari mitano, basi.

Watano kati yenu mliandika `y' = 2e^(2x)`, yaani mlizidisha drivativu ya `x` na drivativu ya `e^(2x)`. Upande wa kushoto ukagoma kufanana na wa kulia, kama ilivyopasa. Wawili wakasema "si jibu", nao nawaheshimu kwa kuamini hesabu yao. Watatu wakageuza alama katikati ili mambo yakae sawa. Wadogo zangu, pande zikigoma, rudi kwenye drivativu yako kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa sababu mara nyingi kosa liko pale.

2. Usifanye jambo pande zote mbili ambalo huwezi kulirudisha.

Hapa ndipo nilipoumia, na nitachukua muda.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tulipewa mlinganyo `y' = 2√y`, na hali ya mwanzo `y(0) = 9`. Nikatenganisha vigeu, nikafanya intigresheni, nikapata `√y = x + C`. Laiti ningesimama hapo nikapachika `x = 0`, ningepata `C = 3` moja kwa moja, maana `√9` ni 3. Lakini niliharakisha kupandisha kwenye kipeo cha pili, nikaandika `y = (x + C)²`, ndipo nikapachika. Nikapata `C² = 9`. Kwa hiyo `C` ni 3 au -3. Nikafurahi kwamba nimegundua majibu mawili: `(x + 3)²` na `(x - 3)²`.

Sikuwa mzembe wa kuacha bila kuhakiki. Nilihakiki, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Nilichukua `y = (x - 3)²`, drivativu yake ni `2(x - 3)`, halafu nikaona kipeuo cha pili kinanisumbua. Nikapandisha pande zote za mlinganyo kwenye kipeo cha pili ili kiondoke:

```
(y')² = 4y
4(x - 3)² = 4(x - 3)²
```

Vema. Nikaongeza na namba, kwa uangalifu niliouona mkubwa. Kwenye `x = 4`: drivativu ni 2, na `2√1` ni 2. Kwenye `x = 5`: drivativu ni 4, na `2√4` ni 4. Kwenye `x = 10`: drivativu ni 14, na `2√49` ni 14. Namba tatu, zote zimekubali. Nani angebisha?

Jioni ile nikawakalisha wenzangu tisa tuliokuwa tunasoma pamoja, nikawafundisha kwamba mlinganyo wa namna hii una majibu mawili na msisahau la pili. Wiki iliyofuata likaja jaribio, swali la mtindo uleule. Wote tisa wakaandika majibu mawili, nami wa kumi. Karatasi ziliporudi, mwalimu alikuwa hajaandika maelezo. Kwenye kila moja ya karatasi zetu, pembeni ya lile jibu la pili, kulikuwa na maneno machache kwa wino mwekundu:

```
y'(0) = ?
```

Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akiniamini kuliko nilivyostahili, alinijia na karatasi yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, hebu tupige hii." Tukapiga kwa hesabu ile ya kwetu, `(x - 3)²`. Drivativu kwenye `x = 0` ni `2(0 - 3)`, yaani -6. Upande wa kulia ni `2√9`, yaani 6. Hasi sita upande huu, chanya sita upande ule. Na nilipopandisha kwenye kipeo cha pili, zote mbili zilikuwa zimekuwa 36, nami nikaita huo ushahidi.

Nimelikumbuka somo hilo miaka yote kwa sababu kosa halikuwa kwenye drivativu. Drivativu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba kipeo cha pili kinafuta alama ya hasi, na ukishaifuta huwezi kujua ilikuwa upande gani. Ukianza na -5 na 5, ukapandisha, unapata 25 na 25. Kufanana kwa zile za mwisho hakusemi lolote kuhusu zile za mwanzo. Kuzidisha pande zote kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri kuna hatari hiyohiyo.

Uhakiki ulivyotakiwa kwenda ni huu. Kushoto ni `2(x - 3)`. Kulia ni `2√((x - 3)²)`, na kipeuo cha pili cha kitu kilichopandishwa ni thamani yake kamili, kwa hiyo kulia ni `2|x - 3|`. Sasa tazama. Kama `x` ni 3 au zaidi, pande mbili zinalingana. Kama `x` ni chini ya 3, kulia inakuwa `6 - 2x` na kushoto ni `2x - 6`: zinapingana alama kila mahali. Kwa hiyo `(x - 3)²` ni jibu la mlinganyo, lakini kuanzia 3 kwenda mbele tu. Hali ya mwanzo iko kwenye sifuri, ambako jibu hilo halifanyi kazi. Na zile namba zangu tatu, 4, 5 na 10, zote nilizichagua upande ule ule wa 3 bila kujua.

Kuna njia ya kulitambua hili kabla ya hesabu yoyote, nayo ndiyo ninayowaomba mzoee. Soma mlinganyo: `y' = 2√y`. Upande wa kulia hauwezi kuwa hasi kamwe, kwa hiyo grafu ya jibu haiwezi kushuka popote. Chora `(x - 3)²`. Kutoka 0 hadi 3 inashuka kutoka 9 hadi 0. Imejikataa yenyewe. Jibu la kweli, `(x + 3)²`, linapanda: kwenye `x = 1` linafika 16, wakati lile langu liko 4.

3. Namba moja inatosha kukataa, namba mia hazitoshi kukubali.

Nadhani sasa mnajua kwa nini. Kupachika namba ni njia nzuri ya kukamata kosa haraka, na ukipachika, chukua hasi, chukua sifuri, chukua ile ya hali ya mwanzo. Lakini kukubali kunahitaji `x` ibaki `x`.

4. Hali ya mwanzo ni uhakiki wa pili. `(x - 3)²` ilitimiza `y(0) = 9` bila shida na bado haikuwa jibu. Na kinyume chake hutokea kila siku.

5. Mabano. Kwenye `y' + 3y = 6` na `y = C·e^(-3x) + 2`, ile 3 inazidisha fanksheni yote, pamoja na 2. Mliosahau mabano mlipata 2 badala ya 6. Na `C` iachwe hivyohivyo, msiibadilishe kuwa 1 ili kurahisisha.

6. Uhakiki ukipita, umejua kwamba hili ni jibu. Hujajua kwamba ni la pekee.

Rudini kwenye mlinganyo ule ule, safari hii na `y(0) = 0`. Jaribuni `y = 0`: drivativu ni 0, kulia ni `2√0`, limepita. Jaribuni sasa fanksheni iliyo 0 mpaka `x = 3`, halafu `(x - 3)²` kuanzia hapo. Kabla ya 3 pande zote ni sifuri. Baada ya 3 tumeshaona zinalingana. Na kwenye 3 penyewe drivativu ni 0 kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hakuna mvunjiko. Nalo limepita. Badilisheni 3 kwa namba yoyote chanya na litapita tena. Lile jibu langu lililokataliwa limepata mahali pake hapo, likiwa limekatwa panapostahili.

Madaftari yenu mtayakuta asubuhi. Wale mliopandisha pande zote kwenye kipeo cha pili katika swali la nne, sikuandika maelezo. Nimeandika pembeni `y'(0) = ?` kwa wino mwekundu. Pigeni hiyo kwanza, kisha mnijie.