Kahawa Ikimwagika na Mbwa Yuko Karibu, Pima Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Umoja aliniandikia usiku, herufi zote kubwa. Mbwa wake alikuwa amepindua ndoo ya taka na kulamba machicha ya kahawa, na sasa alikuwa anahema na kuzungukazunguka sebuleni kama aliyepoteza kitu. Nyanya yake alikuwa ameshakoroga maziwa na chumvi ili amnyweshe. "Nimpe ama nisimpe?" akauliza. Nikamwambia, usimpe, mpeleke kwa daktari sasa hivi. Mbwa yuko hai. Lakini swali lake limenirudisha kwenye yale yaliyompata Simba wangu, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mnapenda kahawa nzuri na pia mnafuga, afadhali niyaandike yote mara moja.

Simba ni mbwa wa kawaida wa Nairobi, mchanganyiko wa kila kitu, kilo tisa akiwa ameshiba. Tunaishi Kasarani. Siku hiyo mpwa wangu alikuwa anahamisha kahawa kutoka kwenye pakiti kwenda kwenye mkebe, kahawa ya arabika iliyosagwa, tuliyoletewa kutoka Nyeri. Stima ikapotea. Pakiti ikaanguka gizani, na tulipopata tochi ya simu Simba alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu, mdomo wote umekuwa wa kahawia.

Mpwa wangu alicheka. Jirani aliyekuja kuangalia kama stima imepotea kwake peke yake naye akacheka, akasema leo mbwa hatalala, atalinda nyumba vizuri. Mimi sikucheka, na hadi leo najivunia kwamba sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua jambo moja ambalo wengi hawalijui: kikombe cha kahawa na kahawa yenyewe ya unga ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mnyama.

Kikombe cha kawaida cha kahawa iliyochujwa, mililita 240 hivi, huwa na kafeini karibu miligramu 95. Mbwa wa kilo tisa akinywa kikombe chote anapata kama miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili wake. Atasumbuka kidogo pengine, lakini si wa kukimbiza usiku. Unga wa arabika sasa ni hadithi nyingine. Gramu moja tu ina kafeini kama miligramu 12. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu tano hivi, na mbwa mwenye hamu hali kijiko kimoja. Kahawa ya robusta ina karibu mara mbili ya hiyo, na ile ya kukoroga tu kwenye maji moto, ambayo ndiyo iko kwenye nyumba nyingi, inaweza kufika miligramu 30 kwa gramu.

Kwa hivyo nilifanya kitu kilichomshangaza kila mtu: nilipima. Nilifagia kahawa yote iliyobaki sakafuni, nikairudisha kwenye pakiti, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ya dada yangu anayeoka keki. Pakiti ilikuwa mpya, gramu 250. Zilizobaki zilikuwa 210. Gramu 40 hazikuonekana. Zidisha kwa 12, unapata miligramu 480. Gawanya kwa kilo tisa za Simba, unapata 53.

Hiyo 53 ndiyo iliyonitoa nyumbani. Kwa mbwa na paka, dalili ndogo huanza karibu miligramu 20 kwa kila kilo: kutapika, kuhema, kiu, kukojoa sana, kutotulia. Kuanzia 40 hadi 50, moyo unaanza kwenda mbio na kukosa mpangilio. Ukifika 60, tarajia kifafa. Simba alikuwa katikati ya hizo mbili za mwisho, na bado alikuwa ananitazama akitingisha mkia. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kafeini huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kujionyesha, na hiyo nusu saa mbwa anapoonekana mzima ndiyo nusu saa ya maana kuliko zote.

Kama hujui uzito wa mnyama wako, panda mzani wewe peke yako, kisha panda ukiwa umembeba, utoe. Kama una mbwa wawili na hujui nani alikula nini, hesabu kana kwamba kila mmoja alikula yote. Usijidanganye kwamba nyingine imeingia chini ya kabati.

Nilipiga simu kliniki moja, jina nalihifadhi. Aliyepokea alisema kahawa si sumu, nimlete asubuhi kama atakuwa bado anasumbuka. Nimesema sitaji jina na sitaji, lakini mpaka leo nikipita pale nageuza uso. Nilipiga ya pili. Daktari akaniuliza maswali matatu tu: ana kilo ngapi, amekula gramu ngapi, saa ngapi. Nilikuwa nayo majibu yote. Akasema njoo, usimpe chochote njiani. Matatu hazibebi mbwa, nyote mnajua. Jirani yule yule aliyecheka ndiye aliyetoa gari lake, kwa hivyo nimemsamehe.

Sasa, kwa nini usimpe chochote? Chumvi nyingi inaweza kupandisha sodiamu kwenye damu mpaka ubongo uumie, na hapo una sumu mbili badala ya moja. Maziwa hayaondoi kafeini mwilini. Kuna wanaosaga makaa ya jikoni wakayakoroga na maji kwa sababu wamesikia kwamba hospitali hutumia mkaa. Mkaa wa hospitali umetengenezwa maalum ili unase sumu, haufanani na wa jiko, na ukimlazimisha mnyama anayetetemeka kumeza tope la makaa, linaweza kuingia kwenye mapafu. Vivyo hivyo kumtia vidole kooni. Kuhusu dawa za kutapisha mlizo nazo kabatini, usiguse mpaka daktari aliye kwenye simu akwambie, na kwa paka usiguse kabisa.

Kliniki, Simba alidungwa sindano ya kumtapisha. Hilo linafaa tu kama mnyama amekula muda mfupi uliopita, saa moja au mbili hivi, na bado ana akili zake. Akishaanza kutetemeka, kumtapisha ni hatari. Alitoa tope jeusi lililonuka kama mkahawa wa katikati ya jiji. Kisha akapewa mkaa wa dawa, na baadaye akapewa tena, kwa sababu kafeini ina tabia ya kurudi kwenye utumbo ikishapita kwenye ini. Akawekewa maji ya mshipa. Hata hivyo, mapigo ya moyo yalipanda na miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, maana kiasi fulani kilikuwa kimeshaingia damuni. Daktari alikuwa na diazepamu tayari kwa mtetemeko, na dawa ya kupunguza kasi ya moyo kama ingezidi. Hakuna dawa inayoifuta kafeini yenyewe. Unaushikilia mwili mpaka iishe.

Jambo lililonishangaza ni mkojo. Kila baada ya muda mfupi msaidizi alimtoa Simba nje akojoe, hata kama hakutaka. Kafeini iliyofika kwenye kibofu inaweza kufyonzwa tena na ukuta wa kibofu na kurudi kwenye damu. Mbwa akibana mkojo, anajinywesha sumu ile ile upya. Wale wagonjwa sana huwekwa mpira wa kutoa mkojo. Nilipomrudisha nyumbani niliambiwa niendelee hivyo hivyo usiku kucha, maji mengi, chumba chenye giza na kimya, na kumtoa mara kwa mara.

Ukitaka kujua moyo unaendaje, weka vidole ndani ya paja la nyuma, juu karibu na kinena, utausikia mshipa ukipiga. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Mbwa wa ukubwa wa Simba aliyelala tu akipita 160, mrudishe kwa daktari. Joto la mwili nalo hupanda kwa sababu ya kutetemeka, kwa hivyo usimfunike blanketi ukidhani ana baridi. Anaonekana kama ana baridi, hana.

Wenye paka wataniuliza mbona nazungumzia mbwa tu. Paka halambi unga wa kahawa sakafuni kwa raha kama mbwa. Yeye hupita juu yake, halafu anaketi kwenye kiti kujisafisha nyayo na manyoya, na huko ndiko anakoila. Na ana kilo tatu au nne tu. Gramu saba za arabika, kijiko kikubwa na nusu hivi, zinamfikisha paka wa kilo tatu na nusu kwenye 24. Kahawa ikimwagika, mfungie chumba kingine kwanza, ndipo ufagie. Kama ameshaikanyaga, mfute nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kabla hajaanza kujilamba. Vikombe vya kahawa ya maziwa na sukari navyo, ukiviacha nusu mezani, vinamvuta zaidi kuliko kahawa chungu.

Narudi kwenye machicha, kwa sababu yule wa Umoja alidhani kwamba kahawa ikishachujwa haina nguvu tena. Maji huchukua sehemu kubwa ya kafeini, si yote, na mbwa anayefukua ndoo hali kijiko kimoja, anakula ya wiki nzima pamoja na karatasi ya kuchujia. Karatasi nyingi zinaweza kuziba utumbo, kwa hivyo mtajie daktari hata hizo. Huwezi kupima machicha yenye maji kwa hesabu yangu ya 12. Hapo usingoje dalili, mpigie daktari mara moja, na ukiona hata dalili moja, nenda.

Na nyinyi wa Kitengela na Ruiru wenye vishamba, mnaorundika machicha kwenye shimo la mbolea pamoja na mabaki ya chakula: rundo hilo likiota ukungu, baadhi ya ukungu hutoa sumu nyingine ya neva inayomtetemesha mbwa kwa namna ile ile. Zungushia shimo waya. Mbwa akitoka huko anatetemeka, mwambie daktari alikuwa kwenye mbolea, usiseme kahawa peke yake, kwa sababu atakachotafuta ni mambo mawili.