Mlango Ulikuwa Nyuma Yake: Yaliyonikuta Nikitengeneza Mchezo wa Sauti Tupu

Juzi msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Kaka, nimemaliza mchezo wangu wa sauti. Mimi nikicheza nafika mwisho bila shida, lakini rafiki yangu asiyeona anapotea chumba cha kwanza tu. Nimekosea wapi?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Huyo ni mimi wa miaka miwili iliyopita, na kidonda chake bado nakisikia.

Mchezo wangu uko hivi. Umo ndani ya pango, taa imezimika, na unatakiwa kutoka kwa kufuata sauti. Kitufe cha mshale wa juu kinakusogeza hatua moja, mishale ya kushoto na kulia inakugeuza. Kwenye skrini hakuna kitu. Unachezwa kwenye kivinjari, ukiwa na hedifoni. Niliutengeneza kwa miezi mitano, na kila usiku niliujaribu nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa natoka pangoni kwa dakika tatu.

Nilijidanganya. Ramani ya pango niliichora mwenyewe, kwa hiyo hata nikifumba macho mlango niliujua ulipo. Masikio yangu hayakuwa yakifanya kazi yoyote.

Siku ya kwanza ya kuujaribu kwa dhati alikuja mama mmoja asiyeona, mtu anayefanya kazi zake zote za kompyuta kwa kisoma skrini. Akavaa hedifoni, akaniuliza vitufe, akaanza. Mlango nilikuwa nimeuwekea mvumo wa upepo, mzito na wa chini. Akasikiliza kidogo, akasema, "Uko mbele," akaenda. Akagonga ukuta. Akageuka, akasikiliza, akaenda, akagonga tena. Baada ya dakika kumi na moja akavua hedifoni taratibu na kuniuliza, "Mwanangu, huu mlango unahama?"

Mlango haukuwa umehama hata hatua moja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bahati njema, mchezo ulikuwa unaandika kila hatua ya mchezaji kwenye faili. Usiku ule nilikaa nayo. Alipoanza alikuwa mita 6 kutoka mlangoni, na mlango ulikuwa nyuma yake kabisa. Yeye akaenda mbele mpaka akafika mita 14. Sauti ilikuwa imepungua kama desibeli 7, jambo ambalo sikio linalisikia waziwazi, lakini yeye alidhani upepo ndio unaotulia. Kwa nini asidhani hivyo? Upepo ndivyo ulivyo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo rafiki wa msomaji wangu anapopotelea. Sikio linajua kushoto na kulia kwa sababu sauti inayotoka ubavuni huwahi sikio moja na kuchelewa lingine kwa muda usiofikia hata milisekunde 1, na kichwa chenyewe hukinga sehemu ya sauti isifike upande wa pili. Lakini sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa zote hufika masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Na iliyo mbele kulia na iliyo nyuma kulia huleta tofauti ileile kati ya sikio moja na lingine. Kinachozitofautisha ni mikunjo ya sikio la nje, ambayo hubadilisha sauti za juu, hasa zile za kuanzia kilohezi 4 au 5 kwenda juu. Mvumo wangu wa upepo ulikuwa na hezi mia mbili na kitu tu. Nilikuwa nimechagua sauti ambayo mikunjo ya sikio haina la kuifanyia.

Kosa la pili lilikuwa kwenye msimbo wa programu, na hili naona watu wengi wanalibeba bila kujua. Kivinjari kikiachiwa chenyewe hutumia mtindo wa kugawa sauti unaoitwa `equalpower`. Mtindo huu unachukua kila pembe ya nyuma na kuikunja kuwa pembe ya mbele. Chanzo kilicho nyuzi 150, yaani nyuma kulia, kinatoka sawasawa na kilicho nyuzi 30, mbele kulia. Si kwamba vinafanana. Ni sauti ileile. Mama wa watu alikuwa anaulizwa swali lisilo na jibu. Dawa yake ni mstari mmoja:

```
const chanzo = new PannerNode(ctx, {
  panningModel: "HRTF"
});
```

Hii HRTF ni vipimo vya jinsi kichwa na masikio ya mtu yanavyobadilisha sauti kutoka kila upande. Nikaiweka, nikabadilisha na mvumo wa upepo kuwa matone ya maji yanayodondokea jiwe. Tone moja linapogonga jiwe hutoa sauti kali, fupi, yenye masafa ya chini mpaka ya juu kabisa, na kila tone jipya humpa msikilizaji nafasi mpya ya kukisia. Nikasikiliza, nikaona nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza. Vipimo vile vimetoka kwenye masikio ya mtu mwingine, na sikio la kila mtu lina mikunjo yake. Wengine vinawakaa vizuri, wengine wanasikia kila kitu kiko mbele, au ndani ya kichwa. Mama yule aliporudi alikosea mara chache zaidi, lakini bado alikosea. Halafu nikaona kitu kilichonifungua macho: kila alipokwama alikuwa anageuza kichwa. Kichwa chake mwenyewe, pale kitini. Ndivyo afanyavyo maisha yake yote, na ndivyo tufanyavyo sote, maana ukigeukia kulia sauti ya mbele inahamia kushoto, na sauti ya nyuma inahamia kulia. Fumbo linafumbuka papo hapo. Lakini hedifoni za kawaida hugeuka pamoja na kichwa, kwa hiyo ukigeuka hakuna kinachobadilika.

Basi vitufe ndivyo vinavyopaswa kuwa shingo ya mchezaji. Mimi nilikuwa nimeweka kila kubonyeza kugeuze nyuzi 90 kwa mkupuo, sauti inaruka kutoka hapa kwenda pale na mtu haoni njia iliyopita. Nikabadilisha: ukishikilia mshale unageuka polepole, sauti inateleza masikioni, na ukiachia unasimama. Badiliko hili moja lilifanya kazi kubwa kuliko mengine yote. Kama unaweza kufanya jambo moja tu wiki hii, ndugu yangu, fanya hili.

Nikaongeza na hila ndogo ambayo si ya kimaumbile, lakini inasaidia hata wale ambao vipimo vya HRTF haviwakai. Sauti iliyo nyuma naifanya iwe imefifia juu, kama inayosikika kupitia pazia. Pembe ni 0 mbele, 180 nyuma:

```
const t = pembe / 180;
kichujio.frequency.value = 16000 * Math.pow(0.1, t);
```

Mbele kichujio kinapitisha mpaka hezi 16000, nyuma kinakata kuanzia 1600. Usikate chini zaidi ya hapo, tone litageuka kuwa kishindo na mtu atadhani ni kitu kingine. Mchezaji mgeni inampasa aambiwe mwanzoni kwamba sauti iliyofifia maana yake nyuma, na asikilizishwe zote mbili. Dakika moja inatosha.

Sasa maneno. Hapa nilikosea kwa namna ambayo bado inanichoma. Nilisoma kwamba watu wasioona huelekezwa kwa uso wa saa, nikaweka kitufe cha msaada kinachosema, "Mlango, saa tatu." Nilikusudia namba 3 kwenye saa, yaani kulia. Mama akageuka kushoto. Nikamwambia, "Hapana mama, saa tatu." Akajibu, "Si ndiyo hii?" Alikuwa sahihi. Kwa Kiswahili saa tatu mkono wa saa uko kwenye 9. Nilikuwa nimechukua kanuni ya lugha nyingine na kumwekea mtu mdomoni kwa lugha yake. Niliondoa saa zote. Sasa mchezo unasema "kulia", "nyuma kulia", "nyuma", na basi.

Na neno la maana litangulie. Zamani mchezo ulisema, "Mlango uko umbali wa hatua nne upande wako wa kushoto." Mchezaji anasubiri sentensi nzima ili apate neno la mwisho, na wakati huo matone yamefunikwa na maneno. Sasa unasema, "Kushoto, hatua nne," tena mchezaji akiomba tu, na akibonyeza kitufe chochote maneno yanakatika. Sauti ya msemaji inakaa katikati, haiwekwi upande wowote, na wakati inasema nazishusha sauti za pango lakini sizizimi.

Maneno hayo siyarekodi. Nayapeleka kwenye sehemu ya ukurasa yenye `aria-live="assertive"`, kisoma skrini cha mchezaji kinayasoma kwa sauti na kasi aliyoizoea. Mama yule anasikiliza kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno moja. Kumlazimisha anisikilize nikikokota maneno ni kumkosea adabu. Kuna mtego mmoja tu: kisoma skrini kwenye kivinjari huchukua vitufe kwa kazi zake, na mchezo wako hauvioni. Eneo la mchezo lipe `role="application"` na ulipe fokasi, la sivyo mtu atabonyeza mishale na pango litakaa kimya, nawe utadhani ameshindwa yeye.

Wapo walioniambia wakati ule, tena mbele za watu, kwamba wasioona wana mahitaji makubwa kuliko michezo. Sitawasahau. Wanaosema hivyo hawajawahi kumuuliza mtu asiyeona alivyoitumia Jumapili yake. Nawe unayetengeneza, usimwite mchezaji asiyeona siku ya mwisho aje kubariki kazi iliyokwisha. Mwite ukiwa na chumba kimoja na tone moja la maji. Mimi ningeokoa miezi minne.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujabadilisha chochote, fanya jaribio hili na rafiki yako. Kwanza hakikisha simu au kompyuta yake haijawekewa sauti ya mono, maana wapo wanaoiwasha kwenye mipangilio ya usikivu na kuisahau, na hapo pande zote zinakufa. Kisha chezesha sauti ya mlango wako mara ishirini, mbele au nyuma bila mpangilio, asiruhusiwe kugeuka, akuambie iko wapi. Akipata kumi na moja, anabahatisha. Shida ni sauti yako au mtindo wa kugawa sauti. Akipata kumi na nane na bado anapotea mchezoni, kaangalie jinsi vitufe vyako vinavyomgeuza.

Mama alirudi mara ya tatu. Mlango niliuacha palepale, nyuma yake. Akashikilia mshale wa kulia kidogo, akaachia, akasema, "Kumbe uko nyuma," akamalizia kugeuka, akatoka kwa dakika nne. Kisha akaomba aanze tena, akaupita mlango, akaingia ujia wa kushoto ambao mimi niliuacha mtupu, akagonga mwisho wake na kuniuliza, "Na huku umeweka nini?" Sikuwa nimeweka kitu. Wiki hii naweka popo.