Kondoo inachechemea na iko na funza ndani ya kwato

"Docta, kondoo zangu tatu zinachechemea tangu wiki jana. Moja, jana jioni nimeona funza kati ya kwato, nikamwanga esansi, zingine zikatoka lakini leo haisimame hata. Nifanye nini? Niko Sake."

Papa, acha esansi kabisa, inachoma nyama nzima na funza zenye ziko chini zinazidi kuingia ndani. Funza njo shida ya pili. Ya kwanza ni kwato kuoza, inzi imefuata harufu tu. Kondoo zetu za huku hazina manyoya marefu, njo maana mara nyingi inzi inatafuta kidonda ao mkia wenye umeloana na mavi. Angalia na kifua, juu kondoo ikilalia mguu wenye kuoza usaha unabaki pale, na inzi inataga pale pale. Mayai iko kama punje ndogo nyeupe zimeshikana, na kisha masaa 12 mpaka 24 inakuwa funza.

Anza na ile yenye funza, leo hii. Kata manyoya kuzunguka kidonda mpaka ufike kwa ngozi nzima, toa funza moja moja na pensi, uzitie ndani ya maji ya moto, usiziache zianguke chini juu zitageuka inzi. Osha na maji safi yenye iode kidogo, kisha mwambie veterineri aipige ivermektini, hiyo inasaidia kwa zenye zilijificha ndani sana.

Sasa kwato. Fungua vidole viwili, unuse. Ile ya mwanzo kabisa ngozi ya katikati iko nyekundu, imeloana, na utando kama wa kijivu. Ukichelewa, kwato inaanza kubanduka toka ndani kuelekea inje na harufu yake hausahau. Watu wengi hapo wanachukua kisu wanakata mpaka damu, mimi nakataa, mguu unachelewa kupona. Sindano njo inaponyesha: oksitetrasiklini ya 20% (ile ya kukaa mwilini), mililita 1 kwa kila kilo 10, ndani ya nyama ya shingo. Kondoo ya kilo 30 ni mililita 3. Usiichinje mbele ya siku zenye zimeandikwa kwa chupa zipite.

Zile zingine zote, hata zenye hazichechemee, zisimame ndani ya beseni ya sulfati ya zinki, kilo 1 kwa maji litre 10, dakika 15, kisha zikauke kwa sakafu kavu, si kwa matope. Hizo tatu zikae pembeni.

Kisha siku 5 angalia tena. Yenye haijakanyaga vizuri, veterineri aiangalie upya. Na ile malisho yenye matope usirudishe kondoo kule kwa wiki 2, mikrobi ya kwato haiishi sana kwa udongo kama hakuna mguu wa kuibeba.