Muuzaji Akikwambia "Frihodi", Mwambie Akuoneshe Hati

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, kuna nyumba Goba, dalali anasema ni frihodi, yaani ukinunua ni yako milele. Nitoe arubuni?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana mwaka 2019 mjinga alikuwa mimi.

Tuanze na hiyo frihodi. Kenya ipo, kwa Kiswahili huitwa milki huru, ardhi isiyo na ukomo wa miaka. Tanzania Bara haipo. Ilifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, mdhamini wake Rais. Tunachonunua mimi na wewe ni haki ya kukalia ardhi kwa miaka iliyoandikwa, mara nyingi 33, 66 au 99. Tunaiita "hatimiliki", neno tamu, na utamu wake ndio ulionilewesha.

Mimi nilipata nyumba Mbezi. Vyumba vitatu, mwembe mbele, ukuta umepakwa chokaa juzi. Mzee mwenye nyumba, mpole kabisa, akaniambia, "Mwanangu, hii ina hati ya miaka 33." Nikapiga hesabu kichwani: miaka 33 kuanzia leo, watoto watakua, wataoa. Nikatoa arubuni ya milioni 12, pesa ya kuuza kiwanja changu cha Chanika. Risiti niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari.

Zilizobaki nilitegemea mkopo wa nyumba wa miaka 15. Afisa mikopo alifungua nakala ya hati, akateremsha kidole hadi mstari ambao mimi nilikuwa nimeuruka kwa sababu umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Akanitafsiria: "kwa muda wa miaka thelathini na mitatu kuanzia tarehe mosi Julai 1995." Akaniuliza, "Inaisha lini?" Nikahesabu kwa vidole mezani kwake. Mwisho wa Juni 2028. Imebaki miaka tisa, mkopo ni wa kumi na tano. Akafunga faili.

Miaka haianzi siku unayonunua. Inaanza siku iliyoandikwa kwenye hati, na wewe unarithi iliyobaki tu. Hati inaweza kuhuishwa, lakini mwombaji ni yule ambaye jina lake limo ndani, na wanataka awe amelipa madeni ya ardhi. Kwa hiyo ahuishe muuzaji kabla hujatoa hata senti. Mimi nilimwomba mzee afanye hivyo baada ya kumpa pesa. Upole ukaisha siku hiyo hiyo. Mpaka leo amenirudishia milioni tano, na nikipita Mbezi sigeuzi shingo.

Sikilizeni hata lugha yetu. Kila mwaka mwenye hati analipa "kodi ya pango la ardhi". Pango hulipwa na nani? Na mpangaji! Neno lilikuwa linatuambia miaka yote hii kwamba mwenye nyumba wetu ni serikali, sisi tukawa tunaangalia rangi ya ukuta. Na mkisikia lizi, neno la Kiingereza, nalo ni upangaji.

Neno lingine ni rehani. Bibi zetu waliweka bangili rehani kwa Mhindi, na bangili ilibaki dukani, kila mtu akaona haipo mkononi. Nyumba ikiwekwa rehani benki, mwenyewe anaendelea kulala ndani na kumwagilia maua. Kinachoondoka ni hati. Kwa hiyo ukiambiwa "hati iko kwa mwanasheria, shika kopi kwanza", simama. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya hati, omba upekuzi rasmi. Majibu yataonesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama mtu ameweka. Halafu muulize mwenye nyumba habari za mwenzi wake. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, na ridhaa iwe ya maandishi. "Mama yuko kijijini, hana neno" si ridhaa.

Najua mna haraka, dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi. Aje. Wangu naye alikuwa na mteja wa saa kumi.

Yule dada wa Goba nilimwomba anipigie picha ukurasa wa kwanza wa hati, nimsomee tarehe. Alichonitumia usiku ule ni karatasi ya mauziano ya mwaka 2011, yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi wawili. Hati yenyewe haijawahi kutolewa. Hiyo ndiyo frihodi ya dalali.