Lokesheni ya video ya mtori, Mbuyuni Moshi

"Nauza mtori Mbuyuni, video nimeweka lokesheni Tanzania, mbona wanaoniuliza wote wako Dar?"

Dada, Tanzania ni pana mno. Kwenye Instagram ukifika Add location andika Mbuyuni, yakija majina yanayofanana usibonyeze la juu tu, yatafute kwanza kwenye search ya Instagram uyafungue moja moja uone lipi lina video za wiki hii na ni la Moshi kweli, maana Mbuyuni ziko nyingi. Halafu lokesheni itamfikisha mtu sokoni, sio kwenye meza yako, so mwanzo kabisa onyesha sufuria linafuka na uandike juu yake "nyuma ya wauza ndizi, saa 12 asubuhi".

— Mi nauza viatu Memorial, niliweka Moshi tu na wateja walikuja.

— Kaka, kiatu mtu anakifuata mbali, mtori wa asubuhi sijui.