Maswali na Majibu: Mpira Uliorushwa kwa Mlalo Kutoka Gengeni

Mwalimu, shikamoo. Mpira umerushwa kwa mlalo kutoka ukingoni mwa genge la mita 45, kwa mwendokasi wa mita 20 kwa sekunde. Utaanguka umbali gani? Sijui nianzie wapi.
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi*

Marahaba. Anza na muda, maana muda ndio unaounganisha kushuka kwa mpira na kwenda kwake mbele. Gawa karatasi yako pande mbili, wima huku na mlalo kule, na namba za upande mmoja zisivuke kwenda upande wa pili. Kwa wima mpira unaanza na mwendo sifuri, kwa kuwa haukutupwa juu wala chini. Wengi huingiza ile 20 hapa, na hesabu nzima inaharibika. Inatakiwa iwe hivi:

h = ½gt²
45 = ½ × 10 × t²
t = 3 s

Kwa mlalo, tukiiacha hewa kando kwanza, hakuna kinachousukuma mpira wala kuurudisha nyuma. Zile mita 20 kwa sekunde zinabaki vilevile hadi mwisho, kwa hiyo 20 × 3 ni mita 60 kutoka chini ya genge. Ukitumia g ya 9.8 utapata kama mita 60.6, basi soma vizuri mtihani umekupa g ipi.

Nikiurusha kwa nguvu zaidi, si utakawia zaidi hewani?
*Msomaji, Mombasa*

Haukawii. Urushe kwa mita 40 kwa sekunde, bado utagusa ardhi baada ya sekunde 3, ila utakuwa umefika mita 120. Hii ni kweli pale tu ambapo ardhi ya chini ni tambarare. Kama ni mteremko, mpira unaokwenda mbali una kina kirefu zaidi cha kushuka, na muda unaongezeka.

Nimetafuta pembe ya kutua kwa tan⁻¹(45/60) nikapata nyuzi 36.9. Majibu ya kitabu yanasema 56.3. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Nyuzi 36.9 ni mwelekeo wa mstari ulionyooka kutoka ukingo wa genge hadi mpira ulipoangukia. Mpira haukupita kwenye mstari huo. Ulipita kwenye parabola, njia ambayo Galileo aliithibitisha katika maandishi yake ya mwaka 1638, na parabola hii inazidi kuinama kadiri mpira unavyoshuka.

Itazame sehemu ya kumi ya mwisho ya sekunde. Kwenye sekunde 2.9 mpira umeshuka mita 42.05 na umekwenda mbele mita 58. Kwenye sekunde 3 umeshuka mita 45 na kufika mita 60. Katika kipande hicho kifupi umeshuka mita 2.95 huku ukienda mbele mita 2 tu. Huo ndio mwelekeo unaotakiwa, wa mwendo wenyewe mpira unapogusa ardhi. Kwa hiyo gawanya mwendokasi kwa mwendokasi, si umbali kwa umbali:

mwendokasi wa wima = gt = 30
tan θ = 30/20 = 1.5
θ = nyuzi 56.3 chini ya mlalo

Sasa linganisha: 45/60 ni 0.75, na 1.5 ni mara mbili yake kamili. Haikutokea kwa bahati. Mwendokasi wa wima wa mwisho ni mara mbili ya wastani wake, kwa kuwa ulianzia sifuri. Mimi naipenda sana njia hii ya kuhakiki: chora mstari wa pembe yako kutoka mahali pa kutua, urudishe nyuma ukipanda juu hadi usawa wa ukingo wa genge. Lazima ukate usawa huo katikati ya umbali, hapa mita 30. Usipokata hapo, pembe ina kosa.

Ukubwa wa mwendokasi ni kipeuo cha pili cha 20² + 30², yaani kama mita 36.1 kwa sekunde.

Nikitumia mpira wa tenisi wa kweli, nitapata hizo mita 60?
*Msomaji, Arusha*

Hupati. Mpira wa tenisi una gramu kama 58 na manyoya yanayokamata hewa. Hata ukiangushwa kutoka juu sana, mwendokasi wake wa kushuka hugota kwenye mita kati ya 20 na 25 hivi kwa sekunde, basi ile 30 haifikii. Mwendo wa mlalo nao unapungua njiani. Utatua karibu zaidi na genge, ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 56. Jiwe dogo zito litaikaribia hesabu yetu kuliko mpira huo.

Niandike 56.3 au −56.3?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Zote zinakubalika ukisema unapima kutoka wapi. "Nyuzi 56.3 chini ya mlalo" haina utata. Ukiandika −56.3, onyesha kwenye mchoro kwamba juu ndiko chanya. Na swali likitaka pembe kutoka kwenye wima, jibu ni nyuzi 33.7.