Sigara: kupunguza au kukata mara moja?

"Navuta sigara 20 kwa siku. Nipunguze kidogo kidogo au niache ghafla?"

Ndugu yangu, mimi ningekushauri upange siku, na siku hiyo ukate moja kwa moja.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wavutaji 697. Kundi moja liliacha ghafla. Jingine lilipunguza kwa wiki mbili, kisha likaacha. Wote walipewa ushauri na dawa za nikotini za kutuliza hamu ya sigara, kama kibandiko cha kubandika kwenye ngozi. Baada ya wiki nne, waliokata ghafla 49% walikuwa hawajarudia, wenzao 39%. Miezi sita baadaye ilikuwa 22% kwa 15.5%. Utaona wengi walirudia kwa njia zote mbili, kwa hiyo kibandiko cha nikotini usikidharau.

Kwa nini kupunguza huponza? Sigara zikibaki chache, kila moja unaisubiri kwa hamu, unaivuta kwa nguvu hadi kichungi kinaungua. Idadi imeshuka, moshi bado mwingi.

Hata hivyo, tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, tofauti ya njia hizi inakuwa ndogo mno. Kama kukata ghafla hukuwezi kabisa, punguza kwa ratiba: wiki ya kwanza 10, ya pili 5, kisha sifuri tarehe uliyoiandika. Bila tarehe utakwama kwenye hizo 5.

Haya ni ya sigara tu. Mlevi wa kila siku au anayetumia dawa za usingizi asikate ghafla bila daktari. Anaweza kupata degedege.